Salamu za Idi Zisizouza Kitu: Neno kwa Wenye Maduka



Kupongezana siku ya Idi si jambo lililozuliwa na wafanyabiashara. Imepokewa kutoka kwa Jubayr bin Nufayr, kwa sanadi ambayo al-Hafidh Ibn Hajar ameihesabu kuwa nzuri, kwamba Masahaba wa Mtume (s.a.w.) walipokutana siku ya Idi waliambiana "Taqabbala Allahu minna wa minka", yaani Allah atukubalie sisi na wewe. Na Imam Ahmad bin Hanbal amenukuliwa kuwa yeye hakuwa akimwanza mtu kwa pongezi hiyo, lakini akianzwa alijibu. Tumeyatanguliza haya kwa sababu moja tu. Salamu ile, fupi kama ilivyo, haina ombi ndani yake isipokuwa lile linaloelekezwa kwa Allah (S.W.). Anayeitoa hataki kitu kwa anayepewa. Hicho ndicho kipimo tutakachokitumia hapa kuzipimia salamu za maduka yetu.

Zamani salamu hizo zilikuwa za kadi, au kitambaa kilichotundikwa baina ya nguzo mbili za barabarani. Siku hizi zimo ndani ya simu, na umbo linalopendwa zaidi ni ule mfululizo wa picha ambao vijana wetu huuita karuseli: picha kadhaa huwekwa pamoja Instagram au Facebook, moja ikawa mbele na nyingine zimejificha ubavuni, na mtazamaji huzitelezesha kwa kidole kama anayefungua kurasa. Instagram iliruhusu picha 10 katika mfululizo mmoja mwaka 2017, na mwaka 2024 ikaongeza hadi 20. Kwa maoni yetu wasaa huo ndio ulioleta uharibifu, kwani mwenye nafasi ya picha 20 huona ni hasara kuiacha tupu, na kwa kuwa maneno ya kupongeza humwishia baada ya picha ya pili, basi zinazobaki huzijaza kwa bidhaa.

Tuchukue mfano tuufuate hadi mwisho. Liwepo duka la vitambaa na ushoni mjini Tanga, lenye mwenye duka, wauzaji wawili na mafundi cherehani watatu, na kijana wa jirani anayejua kutengeneza picha. Idi el-Fitri inakaribia, na kijana ameleta rasimu ya picha tisa. Ya kwanza ina msikiti wenye kuba za Istanbul, mwezi na nyota, neno "Eid Mubarak", nembo ya duka iliyo kubwa kuliko hilo neno, na nambari ya simu. Ya pili ni takbira kwa Kiarabu. Ya tatu inakumbusha Zakatul-Fitri. Ya nne na ya tano ni vitenge vyenye bei iliyokatwa mstari na bei mpya chini yake. Ya sita inasema "Ofa ya Idi, siku tatu tu, wahi!" Ya saba ni wateja watatu wa kike waliopigwa picha siku ya kuchukua nguo zao. Ya nane ni saa za kufungua. Ya tisa inasema "Andika Amin na umtumie mwenzio upate baraka."

Msomaji atatuuliza, kuna ubaya gani? Kuuza ni halali, na duka si msikiti. Tunakubali kabisa kuwa kuuza ni halali. Hatuna neno na tangazo la vitenge lililowekwa mwezi 10 Ramadhani, na bei yake, na nambari ya simu. Hilo ni tangazo na limejiita tangazo. Lakini tutazame ile ofa ya siku tatu kwa jicho la biashara yenyewe, kabla hata ya jicho la adabu. Ni nani anunuaye kitambaa asubuhi ya Idi? Fundi yeyote wa pwani atakwambia kuwa kwenye nusu ya Ramadhani alikwisha kukataa kazi mpya, na kuanzia mwezi 25 hulala juu ya cherehani. Mteja aliyekuwa na haja ya nguo ya Idi ama ameivaa, ama hakuipata. Kwa hiyo ofa ile haina wa kuinunua, na juu ya hayo imezichafua salamu zilizoitangulia. Mtu akishafika picha ya nne na kuona bei iliyokatwa mstari, huelewa kuwa picha ya kwanza ilikuwa mlango wa duka, na ile dua aliyoombewa huiona kama peremende aliyopewa mtoto ili mama yake anunue sukari.

Na lile la "Andika Amin" ni baya zaidi ya ofa, kwa sababu ofa walau inasema ukweli wake. Mitandao hii huwapelekea watu wengi zaidi kile kilichojibiwa sana, na mwenye duka ambaye anaomba Amin elfu moja anajua hivyo. Anachokusanya ni hesabu, na amelitumia neno la ibada kuwa chambo. Akiongeza kuwa asiyemtumia mwenzie atakosa baraka, basi amemzulia Allah ahadi ambayo hakuitoa. Hata wenye mitandao, ambao si watu wa dini, walichoshwa na mchezo huu: Facebook ilitangaza Disemba 2017 kuwa itayashusha machapisho yanayowaomba watu bila haya wapende, waandike au wasambaze. Kwa hiyo duka linaloandika hivi linapoteza heshima na wala halipati ule umaarufu uliotafutwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa uzoefu wetu ndilo huwaharibia wengi, nalo ni wakati. Instagram humruhusu mwenye akaunti ya biashara kupanga mapema siku na saa ya kutolewa chapisho, naye akaenda kulala. Kwa Idi ya kalenda ya kizungu hilo lingefaa. Lakini Idi yetu hufuata mwezi, na mwezi ni 29 au 30. Mwaka 2025 Saudi Arabia iliswali Idi el-Fitri Jumapili tarehe 30 Machi, na Waislamu wengi wa Tanzania wakaswali Jumatatu tarehe 31, huku wengine mitaa hiyo hiyo wakiwa wamekwisha kuswali jana yake. Duka lililopanga salamu zake zitoke Jumapili saa moja asubuhi lilimpongeza kwa kufungua mtu ambaye bado alikuwa amefunga, na picha ya sinia ya halwa juu yake. Hatuingii hapa katika mjadala wa mwandamo, nao una mahali pake. Tunasema tu kuwa duka halina haja ya kuwa mufti. Chapisho litengenezwe mapema, lihifadhiwe kama rasimu ndani ya simu, na mwenye duka alitoe kwa mkono wake baada ya tangazo ambalo yeye mwenyewe analifuata.

Na kuna la pili katika hilo la wakati ambalo wengi hawalijui. Mitandao hii haimwonyeshi mtu machapisho kwa mpangilio wa saa. Salamu iliyotolewa alfajiri ya Idi mosi, mteja mmoja ataiona baada ya dakika kumi, na mwingine atakutana nayo Idi nne akiwa amerudi kazini. Kwa hiyo maneno "leo", "kesho" na "asubuhi ya leo" yasiwemo kabisa katika picha. Wala tarehe isiwemo. Ukisema "Idi Mubarak" tu, umewapata walioswali jana, wanaoswali sasa na atakayeisoma wiki ijayo, na hukumkosea yeyote.

Kwa kipimo hicho hicho zinaanguka picha mbili za rasimu ile ambazo nia yake ilikuwa njema. Ukumbusho wa Zakatul-Fitri ni jambo la kheri, lakini Mtume (s.a.w.) aliamrisha itolewe kabla ya watu kutoka kwenda kuswali. Anayekumbushwa saa nne asubuhi ya Idi, baada ya swala, amekumbushwa deni ambalo wakati wake umepita. Kama duka linataka kukumbusha, na litoe picha moja peke yake kwenye mwezi 26 au 27, iseme pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, ambayo ni vibaba vinne, na iishie hapo. Hali kadhalika zile saa za kufungua. Tangazo la "tumefunga hadi Jumatano" likionekana Alhamisi humpoteza mteja. Liwe chapisho lake mbali, ambalo mwenye duka atalifuta siku atakayofungua, na salamu zibaki.

Hata kabla ya kuandika neno jipya, basi, rasimu ya picha tisa imekwisha pungua. Bei zimetoka, na ofa, na Amin, na Zaka, na saa za kazi. Picha ya wale wateja watatu nayo imetoka, kwa sababu mwanamke aliyekuja kuchukua gauni lake hakuja kuwa tangazo, na kucheka kwake mbele ya simu ya fundi si ruhusa ya kutazamwa na mji mzima siku ya Idi. Tumebaki na takbira na neno la pongezi. Kutoka hapo tunajenga upya, na tunasema picha tano zinatosha.

Picha ya kwanza iwe ni salamu kamili, kwani wengi hawataipita. Maneno yake: "Idi Mubarak. Allah atukubalie sisi na nyinyi." Chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la duka. Nambari ya simu haina kazi hapa. Anayetazama ukurasa wa duka anajua pa kuipata. Wapo watakaosema nembo ionekane vizuri ili watu wajue salamu imetoka wapi, nasi tunajibu kuwa jina la akaunti limekwisha andikwa juu ya kila picha na mtandao wenyewe. Kuliandika kwa ukubwa mara ya pili ni sawa na mtu anayekupa mkono wa Idi huku akikutajia jina lake kwa sauti, nawe umemjua tangu utotoni.

Picha ya pili: "Kila mmoja ameubeba mwezi kwa namna yake: aliyefunga, mgonjwa atakayelipa, mama anyonyeshaye, msafiri. Allah awapokelee wote." Tumeiweka hii kwa makusudi. Salamu nyingi za Idi humpongeza aliyekamilisha siku zote, na aliyelala hospitali ya mkoa nusu ya mwezi huzisoma kama si zake. Iko na sababu nyingine ya ukurasa huu kusimama wenyewe bila kutegemea uliotangulia. Mtu akiipita picha ya kwanza bila kutelezesha, Instagram huweza kumrudishia chapisho lile lile baadaye likianzia picha ya pili. Basi yule kijana anayekata sentensi katikati, nusu picha ya kwanza na nusu ya pili, ili watu wavutike kutelezesha, atawapa wengine nusu ya maneno isiyo na kichwa.

Picha ya tatu: "Aliyevaa mpya na aliyevaa iliyofuliwa, Idi ni yao wote." Kwa duka la nguo kusema hivi ni kinyume cha biashara yake, na ndiyo maana tunaipenda. Mwenye duka wetu wa mfano huenda akasita hapa. Ataona anawaambia watu wasinunue. Lakini anaowaambia ni wateja wake wa mwaka mzima, na miongoni mwao yumo baba mwenye watoto watano aliyeulizia bei mara mbili katika Ramadhani akaondoka. Huyo atayasoma maneno haya na kujua kuwa duka lile halikumdharau. Hatuahidi kuwa atarudi kununua, na salamu haikuandikwa kwa sababu hiyo.

Picha ya nne: "Tunawakumbuka waliokuwa nasi Idi iliyopita na hii hawakuiona. Allah awarehemu." Na ya tano: "Kutoka kwa wauzaji na mafundi wetu: ahsanteni kwa ujirani wenu. Tuliyemkosea, tunamwomba radhi." Anayeushikilia uzi wa makala hii ataona kuwa neno la radhi halikuwekwa kama pambo. Katika duka la ushoni kila Idi kuna nguo ambayo haikuwahi, na tutarudi kwenye jambo hilo. Majirani wasio Waislamu, ambao ni wateja pia na huwa wa mwanzo kutuma salamu, neno lao litiwe katika maelezo yaandikwayo chini ya picha: "Na kwa majirani zetu wanaotutakia heri, tunawashukuru." Sentensi moja inatosha. Ukiwaandikia picha nzima utawafanya wageni katika mtaa wao.

Mchoro nao una adabu zake. Kuba za Istanbul ni nzuri, lakini wateja wetu wanaswali chini ya bati, na Idi wanaiswali uwanjani. Kitambaa kilichokunjwa, mkeka, kikombe cha kahawa, sahani ya tende au kaimati, vikipigwa picha kwa simu karibu na dirisha asubuhi, vinatosha na ni vya kwetu. Al-Kaaba na kondoo visitumike, kwani hivyo ni vya Hija na Idi el-Adh-ha. Mwenye kuviweka katika Idi el-Fitri huonekana kuwa ameokota picha ya miezi miwili mbele. Hata mwezi wenyewe una sheria. Kwetu huku karibu na ikweta mwezi mwandamo huonekana upande wa magharibi baada ya jua kuzama, nao hulala kama jahazi, ncha zake zikitazama juu. Ule uliosimama wima kama mundu umechorwa na watu wa nchi za mbali. Na ile nyota inayotiwa baina ya ncha mbili haiwezekani, kwa kuwa pale pana mwili wa mwezi usioangazwa, na hakuna nyota inayoonekana kupitia jiwe. Hili ni dogo, twalikubali, lakini wazee waliozoea kupanda darini kuutafuta mwezi hulicheka.

Kubwa zaidi ni maandishi ya Kiarabu. Programu nyingi za kutengenezea picha huandika Kiarabu sawasawa, na baadhi, hasa zile kongwe au zikipewa herufi zisizo na Kiarabu, hulivunja neno: kila harufi husimama peke yake, na mara nyingine huanzia kushoto. Asiyejua kusoma hatalitambua, kwa sababu bado linaonekana kama Kiarabu. Njia ya kulijua ni nyepesi na kila aliyepita chuoni anaiweza. Katika neno "Eid", harufi tatu za ain, yaa na dal lazima zishikane, ain ikiwa kulia. Katika "Mubarak", mim, baa na alif hushikana, kisha raa husimama peke yake, na kaf ya mwisho peke yake. Ukiona ain imekaa mbali na yaa, neno limevunjika. Ikiwa ni pongezi imevunjika, ni aibu ya duka. Ikiwa ni takbira au aya, ni jambo zito zaidi, kwani jina la Allah limekatwa vipande mbele ya watu. Kwa hiyo ushauri wetu ni kuwa takbira ile ya rasimu isiandikwe kabisa ila itazamwe kwanza na mwalimu wa madrasa, na kama hapatikani usiku huo, Kiswahili kinatosha. Allah anaelewa dua ya Kiswahili.

Kwa upande wa vipimo hatutasema mengi. Picha zote tano ziwe za umbo moja, nukta 1080 kwa upana na 1350 kwa kimo, kwa sababu mfululizo hufuata umbo la picha ya kwanza, na iliyo tofauti hukatwa. Pembeni paachwe wazi kama nukta 100 kila upande, maana katika orodha ya ukurasa wa duka picha hupunguzwa kidogo ubavuni. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa karibu sentimita 7, basi herufi kubwa yenye kimo cha nukta 30 huwa ni milimita 2 tu machoni pa bibi. Iwe 60 au zaidi, na maneno yasizidi 25 kwa picha. Rangi ya dhahabu juu ya nyeupe, ambayo vijana wanaipenda mno, haisomeki juani, na siku ya Idi watu wako nje. Atoke nje saa nne asubuhi, apunguze mwanga wa simu hadi nusu, ampe mtu mzima asome bila kusaidiwa. Asipoweza, rangi ibadilishwe. Wenye ulemavu wa macho nao hutumia simu zinazowasomea kwa sauti, na simu haiwezi kutegemewa kuyasoma maneno yaliyochorwa ndani ya picha. Kwa ajili yao Instagram ina sehemu iitwayo `Alt text`, ambamo maneno ya kila picha huandikwa upya. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Muziki ambao mtandao hupendekeza uongezwe, uachwe.

Kuna tofauti ya WhatsApp ambayo ni lazima ielezwe, kwa kuwa wateja wengi wa duka kama hili wako huko. Ukimtumia mtu picha tano kwa pamoja, WhatsApp huzikusanya katika fungu moja, zikaonekana nne, na ya nne imefunikwa kwa alama ya kuongeza na hesabu ya zilizobaki. Maana yake ni kuwa ile ya marehemu itafunikwa, na ile ya radhi haitaonekana kabisa mpaka afungue. Kwa hiyo WhatsApp itumwe picha ya kwanza peke yake, na zote tano ziwekwe katika hali ya duka, ambayo hukaa saa 24 na kutazamwa na apendaye. Tena, nambari za wateja zilichukuliwa kwa ajili ya kuwaita nguo ikiwa tayari. Kuwakusanya wote katika kundi moja ili kuwapongeza ni kumwonyesha kila mmoja nambari ya mwenzie, na akina mama wengi wamesumbuliwa kwa njia hiyo. Itumike orodha ya kutangaza, ambayo humfikia kila mtu faraghani. Orodha hiyo humfikia tu yule aliyehifadhi nambari ya duka katika simu yake, na sisi tunaliona hilo kuwa rehema: asiyekuhifadhi hakukuomba salamu.

Baada ya kutoa chapisho kazi haijaisha, na hapa ndipo inapojulikana kama salamu zilikuwa za kweli. Watakuja wa kujibu pongezi, nao wajibiwe, hata kwa neno moja. Atakuja mmoja aulize, "Kile kitenge cha njano mita shilingi ngapi?" Huyu asikaripiwe wala asipewe hotuba, kwani kununua siku ya Idi hakukuharamishwa, na yeye ndiye aliyeanza. Ajibiwe salamu hapo hapo mbele ya watu, na bei apelekewe faraghani. Wakianza kujibizana bei chini ya picha ya marehemu, zile salamu zimegeuka genge.

Na hapana shaka atakuja yule wa nguo iliyochelewa. Ataandika mbele ya wote kuwa alilipa nusu ya mshono mwezi 5 Ramadhani, akaahidiwa mwezi 27, na binti yake ameswali Idi kwa gauni la mwaka jana. Mkono wa mwenye duka utakwenda kwenye kufuta. Asifute. Katika picha ya tano ameandika kuwa anamwomba radhi aliyemkosea, na sasa aliyekosewa amejitokeza kwa jina lake. Amjibu pale pale kwa maneno mafupi, bila kumtaja fundi wala kuusingizia umeme: "Ni kweli, tumekukosea, tunakuomba radhi, tunakupigia simu sasa hivi." Kisha apige kweli, kabla ya adhuhuri. Amuulize mteja kama gauni bado analitaka. Akilitaka, limalizwe bila kudaiwa ile nusu iliyobaki. Asipolitaka, arudishiwe alicholipa pamoja na kitambaa chake kama kilivyo, kimekatwa au hakijakatwa, na fidia ya kitambaa kilichokatwa waiafikiane wenyewe siku ya Idi pili duka likiwa bado limefungwa na hakuna mteja mwingine wa kusikiliza.